Basi la saa 9:45: kisa cha mafumbo ya hisabati yaliyohamishiwa Moshi

Katika kitabu cha Marekani fumbo lilikuwa la kawaida kabisa. Basi linaondoka 9:45 kabla ya adhuhuri, linafika 2:15 baada ya adhuhuri, na limekwenda maili 252. Tafuta mwendokasi wake wa wastani. Mtoto wa huko anahesabu kutoka 9:45 hadi 12, anapata saa 2 na dakika 15. Anaongeza saa 2 na dakika 15 nyingine baada ya 12, jumla saa 4 na nusu. 252 gawanya kwa 4.5 ni 56. Maili 56 kwa saa, na maisha yanaendelea.

Rasimu ya kwanza ya Kiswahili ilisomeka hivi: "Basi liliondoka Moshi saa 9:45 asubuhi likafika Arusha saa 2:15 mchana. Lilisafiri kilomita 252. Tafuta mwendokasi wa wastani."

Rasimu hiyo ilipelekwa kwa kikundi cha Darasa la Sita kinachokutana jioni mjini Moshi kwa masomo ya ziada. Hakuna mtoto aliyefika kwenye kugawanya. Wa kwanza aliuliza saa 9:45 asubuhi ndiyo saa ngapi, maana saa tisa anayoijua yeye ni ya alasiri, na nyingine ni ya usiku wa manane. Wa pili alikataa umbali. Arusha ni kilomita 80 hivi, shangazi yake yuko Tengeru, na Coaster haijawahi kutembea kilomita 252 kufika huko. Mwenzake akasema labda konda alisahau kushusha watu wakarudi tena. Darasa likacheka, na fumbo likaishia hapo.

Kisa hiki kinahusu sura moja ya kitabu hicho, yenye muda, viwango, desimali na mafumbo ya kulinganisha. Kitabu kina leseni huria, kwa hiyo kukitafsiri na kukibadilisha kunaruhusiwa. Kazi ilikuwa na watu watatu: mtafsiri, mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na mimi mhariri. Nimechagua mafumbo machache tu ya sura hiyo, kwa sababu makosa yake si ya lugha mbovu. Kiswahili cha rasimu kilikuwa safi. Kilichoharibika ni hesabu iliyokuwa imefichwa ndani ya hadithi.

Turudi kwenye basi. Marekebisho ya kwanza yalikuwa yale ambayo mtafsiri yeyote makini angeyafanya: kubadili saa ziwe za Kiswahili. 9:45 ya asubuhi yao ni saa 3:45 asubuhi kwetu, na 2:15 ya mchana wao ni saa 8:15 mchana. "Basi liliondoka saa 3:45 asubuhi likafika saa 8:15 mchana." Ni sahihi, kinasomeka vizuri, na jibu halijabadilika, bado ni saa 4 na nusu. Mimi nilikuwa tayari kulipitisha. Mwalimu ndiye aliyelizuia, na sababu yake ndiyo kiini cha kisa chote.

Fumbo la basi, alisema, halikuwekwa pale ili mtoto atoe tu. Liliwekwa ili mtoto avuke 12. Katika saa za Kizungu namba zinapanda hadi 12 adhuhuri kisha zinaanza upya kwenye 1, kwa hiyo safari ya asubuhi hadi mchana humlazimisha mtoto kuikata vipande viwili, au kuongeza 12 kabla ya kutoa. Anayetoa kichwakichwa anakutana na 2:15 toa 9:45, anaona haiwezekani, na hapo ndipo somo linapoanza. Kwetu saa zinaanza upya jua linapochomoza na linapozama. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni namba zinapanda mfululizo bila kukatika. Kwa hiyo 8:15 toa 3:45 ni kutoa kwa kawaida, mtoto anakopa dakika 60 na kumaliza. Mafumbo yote ya kuvuka adhuhuri katika zoezi lile, yakibadilishwa saa kwa uaminifu, yanageuka kuwa mafumbo ya kukopa dakika. Zoezi linabaki na kichwa kilekile cha habari, lakini kazi yake imeondoka.

Suluhisho lilikuja likiwa jepesi kuliko tatizo. Tarakimu zinaachwa kama zilivyo, kinachobadilishwa ni sehemu ya siku. "Basi liliondoka stendi saa 9:45 alasiri likafika mwisho wa safari saa 2:15 usiku." Sasa mtoto wa Moshi anavuka 12 ya jioni mahali ambapo mtoto wa Marekani alivuka 12 ya adhuhuri. Saa 2 na dakika 15 hadi saa 12 jioni, kisha saa 2 na dakika 15 za usiku. Hesabu ni ileile, kizuizi ni kilekile, na hakuna mtu atakayeshangaa basi lililoondoka alasiri kufika usiku.

Kinyume chake kilitokea pia, na hiki kingetupita kama mwalimu asingekuwa ameshaanza kukitafuta. Mwanzoni mwa sura kulikuwa na fumbo la kupashia moto: muuza maziwa anaanza kazi 5:20 alfajiri na kumaliza 8:10. Kwa Wamarekani hakuna 12 ya kuvuka, ni kutoa na kukopa dakika tu. Likibadilishwa kwa uaminifu linakuwa saa 11:20 alfajiri hadi saa 2:10 asubuhi, na mtoto ambaye bado hajafundishwa kuvuka anavukishwa kwenye swali la pili. Lilisogezwa mbele likawa saa 1:20 hadi saa 4:10 asubuhi. Tofauti ni ileile, saa 2 na dakika 50. Maziwa yanachelewa kidogo kufika, lakini hilo wazazi wa Moshi wamelizoea.

Picha za saa za mishale tuliziondoa kwenye sura hii. Saa ya ukutani huonyesha 9 tunapotamka saa tatu, na kusoma mishale ni somo jingine lenye sura yake. Kuliingiza humu kungemfanya mtoto akosee kwa sababu isiyohusiana na muda uliopita.

Upande wa umbali ulikuwa na mitego miwili. Wa kwanza ni kubadili kwa kikokotoo. Maili 252 ni kilomita 405.6. Ukigawanya kwa 4.5 unapata kilomita 90 na ushee kwa saa, jibu baya la kukokotoa kwa mkono, na tena ni wastani wa basi ambalo trafiki angelisimamisha, kwa kuwa kikomo cha mabasi ya abiria nchini ni kilomita 80 kwa saa. Ukiacha 252 na kubadili kipimo tu, kilomita 252 kwa saa 4 na nusu ni kilomita 56 kwa saa. Kwa basi linalosimama njiani huo ni mwendo wa kuaminika, na mgawanyo unatoka kamili. Yaani hapa kubandika kilomita mahali pa maili, jambo ambalo kwa kawaida huitwa uvivu, ndilo lililokuwa sahihi. Si kwa sababu maili na kilomita zinalingana. Ni kwa sababu namba 252 haikuwa ya kweli hata huko ilikotoka. Ilichaguliwa kwa ajili ya 4.5.

Mtego wa pili ni majina ya miji. Namba ikiwa ya kubuni, miji isitajwe. Mji ukitajwa, umbali uwe wa kweli. Mtoto anayeijua barabara huacha hesabu na kusahihisha jiografia, na ana haki. Tuliongeza fumbo moja la miji halisi kabla ya lile la kilomita 252: Coaster inaondoka Moshi saa 11:20 jioni, inasimama Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru, inafika Arusha saa 1:20 usiku, umbali kilomita 80. Saa 2, kilomita 40 kwa saa. Nalo linavuka 12, lakini kwa namba za upole, na mtoto anaweza kulipima jibu lake kwa safari anayoijua.

Fumbo la pili lilitupa taabu zaidi, kwa kuwa halikuonekana kuwa na tatizo lolote. Halina saa, maili wala dola. Lina watoto wawili na gololi. Kwa Kiingereza mvulana ana gololi 36, anampa msichana theluthi moja ya gololi zake, na sasa msichana ana mara mbili ya zile alizobaki nazo mvulana. Msichana alikuwa na gololi ngapi mwanzoni? Mtafsiri aliwaita Baraka na Neema, majina ambayo yamo kila darasa, akaandika:

"Baraka ana gololi 36. Anampa Neema theluthi ya gololi zake. Sasa ana mara mbili ya alizonazo. Je, alikuwa na gololi ngapi mwanzoni?"

Karibu nusu ya kikundi walijibu 36, na hilo ndilo jibu la kitabu. Baraka anatoa 12, anabaki na 24. Neema sasa ana 48, na kabla ya kupewa 12 alikuwa na 36. Lakini watoto kadhaa waliandika 0, na msahihishaji wa kwanza aliwapiga msalaba bila kusita. Sifuri inaonekana kama jibu la mtoto aliyekata tamaa.

Mwalimu hakuridhika, akawaita wale wa sifuri mmojammoja. Alitumia utaratibu wa maswali matano uliowekwa na Anne Newman, mtafiti wa Australia, mwaka 1977, ambao walimu wengi wanautumia bila kujua jina lake. Nisomee fumbo. Niambie linauliza nini. Niambie utafanyaje. Sasa fanya huku nikikuona. Niandikie jibu. Faida yake ni kwamba unaona ni katika hatua ipi mtoto amejikwaa: kusoma, kuelewa, kugeuza hadithi kuwa hesabu, kukokotoa, au kuandika jibu. Mtoto akijikwaa kwenye kukokotoa, kosa ni la kufundishwa. Akijikwaa kwenye kuelewa, huenda kosa ni la kitabu.

Binti mmoja alieleza hivi. Baraka alikuwa na 36, akatoa 12, akabaki na 24. Sasa ana mara mbili ya alizonazo Neema, kwa hiyo Neema ana 12. Hizo 12 ndizo alizopewa. Basi mwanzoni hakuwa na kitu. Hatua zote tano ziko sawa, na hesabu haina doa. Alichofanya ni kuelewa kwamba anayesemwa katika "sasa ana" ni yuleyule aliyekuwa akisemwa tangu mwanzo, Baraka, na hivyo ndivyo msomaji mzuri wa Kiswahili anavyosoma. Kiingereza kilikuwa kinawatenganisha wahusika kwa viwakilishi vya kiume na vya kike. Kwetu wote wawili ni a-, -m- na -ake, na hakuna kinachomwonyesha msomaji kwamba hadithi imehama kwa mtu mwingine.

Kilicholifanya fumbo hili kuwa hatari ni kwamba usomaji wa pili nao unatoa jibu zima. Kama ungetoa desimali au namba hasi, watoto wangeshtuka wakarudi kusoma tena. Namba 36 na theluthi zimetokea tu kufanya njia zote mbili zipite. Marekebisho yalikuwa kurudia jina hata pale ambapo sikio linaona limerudiwa mno: "Baraka anampa Neema theluthi ya gololi alizonazo yeye Baraka. Sasa Neema ana gololi mara mbili ya zile zilizobaki kwa Baraka. Je, Neema alikuwa na gololi ngapi kabla ya kupewa?" Mtafsiri alilalamika kwamba sentensi zimekuwa nzito kama hati ya kiwanja. Ni kweli. Katika hadithi ningeifuta nusu yake, lakini fumbo la hisabati ndilo mahali pekee ambapo ningemruhusu mtu aandike hivyo.

Baada ya hapo tulipitia mafumbo yote ya watu wawili tukitafuta kitu kimoja tu: je, sentensi ya tatu bado inajulikana ni ya nani? Mengi yalihitaji jina lirudiwe mara moja. Machache yalitengenezwa kwa kumpa mhusika mmoja kazi badala ya jina, "Neema" na "muuza duka", kwa sababu mtoto hawezi kuchanganya anayenunua na anayeuza. Namna hii ni nzuri kuliko kurudia majina, kila hadithi inapoiruhusu.

Sasa fedha. Mtu angedhani hapa pana kazi ndogo kuliko kote, badili dola kuwa shilingi basi. Fumbo lilikuwa hili: penseli 12 zinauzwa kwa dola 4.20, moja ni kiasi gani? Jibu ni dola 0.35, yaani senti 35. Mtafsiri alijaribu kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola. Dola 4.20 ni shilingi 10,500, na ukigawanya kwa 12 unapata shilingi 875. Hesabu imetoka kamili, lakini hakuna awezaye kulipa shilingi 875 kwa fedha taslimu, maana sarafu yetu ndogo inayotumika ni ya shilingi 50. Akajaribu njia nyingine, kuzidisha kila kitu kwa 1,000: penseli 12 kwa shilingi 4,200, moja shilingi 350. Bei inalipika, na mtafsiri akawa amefurahi.

Ila sura ile ni ya desimali. Fumbo lilikuwa la kugawanya 4.20 kwa 12, mtoto aweke nukta mahali pake, aandike sifuri mbele, kisha ahakiki kwa kugeuza kuwa senti: 420 gawanya kwa 12 ni 35. Ukishaandika 4,200 nukta imetoweka na kilichobaki ni kugawanya namba nzima, kazi ya madarasa ya chini. Na hili haliwezi kutibiwa ndani ya fedha, kwa sababu shilingi yetu haina desimali mtaani. Senti zimo kwenye hesabu za benki, hazimo mifukoni, na mtoto aliyezaliwa miaka hii hajawahi kuishika hata moja. Kumwandikia "shilingi 4.20" ni kumwambia kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo fumbo lilihamishwa kutoka dukani kwenda kwa fundi cherehani. Ana utepe wa mita 4.20, anaukata vipande 12 vilivyo sawa vya kufungia nywele. Kila kipande kina urefu gani? Mita 0.35, yaani sentimita 35. Mita ina sentimita 100 kama dola ilivyo na senti 100, kwa hiyo nukta inakaa palepale, tarakimu mbili baada ya nukta zinabaki mbili, na njia ya kuhakiki ni ileile, sentimita 420 gawanya kwa 12. Kilo isingefaa kwa fumbo hili kwa sababu ina gramu 1,000, na mtoto angejikuta akihesabu nafasi tatu. Kwa fumbo la pili, la kulipa noti ya dola 10 kwa kitu cha dola 3.75 na kurudishiwa chenji, lita ilikubali: dumu lina maziwa lita 10, zimeuzwa lita 3.75, zimebaki ngapi? Lita 6.25. Robo lita ni kipimo kinachotumika kweli kwa wauza maziwa, kwa hiyo .75 na .25 si namba za ajabu.

Fedha haikufukuzwa kitabuni. Ilibaki kwenye mafumbo ya faida na hasara, na ya asilimia, ambako shilingi inafanya kazi vizuri zaidi kuliko dola kwa sababu namba zake ni kubwa. Hata huko palikuwa na fumbo moja la bakshishi ya asilimia 15 kwa mhudumu wa mgahawa, ambalo tulilifanya la dalali wa kiwanja na asilimia zake 10. Fumbo la kodi inayoongezwa juu ya bei mtu anapofika kulipa tuliliondoa kabisa. Kwetu bei ya dukani huwa imeshabeba kodi ya ongezeko la thamani, na kumwambia mtoto aongeze tena ni kumfundisha kulipa mara mbili.

Mafumbo ya mafuta ya gari yalikwisha haraka. Gari linatumia galoni 12 kwa maili 336, je, galoni 5 zitalifikisha wapi? Jibu ni maili 140, kwa kuwa galoni moja inakwenda maili 28. Kikokotoo kinatoa lita 45.4 na kilomita 540.7, takataka tupu kwa mtoto anayejifunza uwiano. Kubadili vipimo tu kunatoa kilomita 28 kwa lita, ambazo gari la kawaida haliziwezi, na mtoto wa dereva angepinga. Hapa tuliacha namba tukabadili chombo. Bajaji kwenda kilomita 28 kwa lita si ajabu, na lita 12 ni mafuta ya siku kadhaa. "Kwa siku tatu bajaji ilitumia lita 12 za petroli na kutembea kilomita 336." Namba zote za kitabu zimesalimika.

Futi ndizo zilizotugawa. Fumbo lilikuwa la sakafu ya futi 12 kwa 10, inayopangwa tailizi za futi moja kila upande. Tailizi 120. Mtafsiri alitaka futi zibaki, na hoja yake ilikuwa nzito: mafundi wa Moshi husema chumba cha futi 10 kwa 12, mbao hununuliwa kwa inchi na futi, na hata ekari watu huipima kwa hatua 70 kwa 70, ambazo ni yadi zilizovaa viatu. Mtoto anazisikia futi nyumbani kila siku. Mwalimu alijibu kwamba mtihani wa Darasa la Saba hautamuuliza futi, na kitabu hiki ni cha ziada, hakiwezi kumpeleka mtoto kando ya mtaala. Nilikuwa upande wa mwalimu, ingawa si kwa sababu ya mtihani. Futi moja ni karibu sana na sentimita 30, na tailizi za sentimita 30 kwa 30 zipo madukani. Sakafu ya sentimita 360 kwa 300 inachukua tailizi 12 upande mmoja na 10 upande mwingine, 120 zilezile. Hapa kipimo kilibadilishwa kwa kweli na muundo ukabaki, jambo ambalo halitokei mara nyingi, na likitokea sioni sababu ya kulikataa. Vipimo viliandikwa kwa sentimita badala ya mita 3.6 kwa 3, kwa sababu mita zingeongeza hatua ya kubadili ambayo fumbo la asili halikuwa nayo.

Njia ya kazi iliyotokana na haya yote ilikuwa ya karatasi tu. Kabla ya kutafsiri, mtafsiri analitatua fumbo mwenyewe na kuandika pembeni mambo matatu: jibu, hatua za hesabu, na mahali ambapo mtoto anatakiwa kukwama kidogo. Kwa basi pale palikuwa "kuvuka 12". Kwa penseli, "nukta, na sifuri mbele". Baada ya kutafsiri, mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza analitatua kwa Kiswahili na kuandika mambo yaleyale matatu. Majibu yakitofautiana, kuna utata wa maneno, kama kwa gololi. Majibu yakilingana lakini hatua zikitofautiana, hesabu imebadilika bila mtu kujua, kama kwa saa na kwa dola. Kosa la namna ya pili ndilo gumu kulikamata, maana ukurasa wa majibu hauwezi kulionyesha. Njia hii haikamati kila kitu. Haikamati umbali wa uongo kati ya miji miwili, kwa kuwa hesabu inakubali kilomita yoyote. Kwa hilo anahitajika mtoto wa hapahapa, na ni vizuri zaidi akiwa mbishi.

Lililobaki bila kuafikiwa hadi sura inaenda kuchapwa lilikuwa la sado. Kitabu kilikuwa na fumbo la galoni na kwati, ambapo galoni moja ni kwati 4: mkulima ana galoni 3 za juisi ya matofaa, anaziuza kwa kwati, kila kwati dola 2.50, atapata ngapi? Kwati 12, dola 30. Mtafsiri alipendekeza debe na sado, kama mahindi na nyanya zinavyouzwa sokoni Mbuyuni. Debe ni lita 20 na sado, kopo la rangi, ni lita 4, kwa hiyo debe moja ni sado 5. Debe 3 ni sado 15, na kwa shilingi 4,000 kila sado ni shilingi 60,000. Muundo ni uleule: badili kipimo kikubwa kuwa kidogo, kisha zidisha kwa bei.

Mwalimu alipinga kwa sababu ya kilele. Hakuna muuzaji anayepima sado ya nyanya kwa usawa wa mdomo wa kopo. Zinapandishwa mpaka zinakaribia kudondoka, na mteja akisimama vizuri anaongezewa mbili juu. Kwa hiyo debe moja halitoi sado 5 za sokoni, linatoa pungufu, na mtoto anayemsaidia mama yake kuuza anajua hilo kuliko sisi. Mtafsiri alisema basi tuandike maharage na neno "bila kilele". Mwalimu akauliza nani ananunua maharage bila kilele. Mwishowe fumbo liliingia likiwa la maziwa ya mgando, yanayouzwa kwa ndoo ya lita 20 na kopo la lita 4, kwa sababu kimiminika hakipandi kilele. Mtafsiri bado anaona tumelikimbia soko, na toleo lijalo likija anakusudia kulirudisha swali mezani.